YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAREJESHO YA EUR 1,250.00 YALIYOINGIZWA KAMA EUR 1.25

Kwa Meneja wa Tawi, Dodoma
Nakala: Idara ya Fedha, Makao Makuu, Ujerumani

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe mmeifikisha ukingoni.

Kwa pampu mbovu niliyowarudishia, mlikubali kunirejeshea yuro elfu moja mia mbili na hamsini, zikatwe kwenye bei ya pampu mpya ya EUR 1,900.00. Nikalipa 650 zilizobaki. Nilipofuata mzigo wangu, kijana wenu wa kaunta alinigeuzia skrini mbele ya wateja: "Mzee, unadaiwa 1,248.75. Marejesho yako ni moja nukta mbili tano." Hela ya chipsi!

Makao makuu waliandika "EUR 1.250". Ujerumani nukta hutenga maelfu, na mkato hutenga senti. Sisi ni kinyume chake. Wangeandika 1.250,00 kila mtu angeshtuka akauliza. Kinachodanganya ni alama moja yenye tarakimu tatu baada yake, kwa sababu inasomeka kote kuwili. Mhasibu wenu akainakili kwenye jedwali lililowekwa mpangilio wa Kiingereza, nalo likapokea 1.25 kimyakimya. Tena dalili ilikuwa wazi: 1,250 ukigawa kwa 1.25 unapata 1,000 kamili. Kosa la mara elfu kamili si deni la mteja, ni alama.

Na wiki iliyotangulia nilishawauliza kwa barua pepe mbona tawi linaandika 1,250.00 na makao makuu 1.250. Hamkujibu.

Badala yake nikasimamishwa kaunta. Narudia ili mnielewe: nilimwonyesha barua yenu ya makubaliano, kiasi kimeandikwa kwa maneno. Hakuigusa. Akagonga skrini kwa kalamu, "Mfumo haukosei, mzee," na aliyekuwa nyuma yangu akacheka. Mimi ni fundi visima, watu wa Chamwino wananiamini kwa fedha zao.

Naomba akaunti irekebishwe na pampu itoke. Naomba pia barua pepe zenu zote, za huko na za hapa, ziandike kiasi kwa namna moja: EUR 1 250.00, nafasi kwenye maelfu, senti mbili daima hata zikiwa sifuri, na kiasi kwa maneno. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulishasema tangu 1948 kwamba makundi ya tarakimu tatu yasitengwe kwa nukta wala mkato. Jedwali likiikataa hiyo nafasi na kuiona kama maandishi, afadhali. Mhasibu atalazimika kuangalia.

Nataka na radhi ya maandishi, isomwe pale pale kaunta.

Ijumaa ikipita bila jibu, pampu sitaitaka tena. Nitadai 650 zangu pamoja na 1,250, na malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani yakiwa na barua pepe zenu zote mbili, ubavu kwa ubavu.

Wenu,
Mteja, fundi visima
Dodoma