Shemeji anasema tano, mimi napata kumi na moja

Mhariri, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Pasua, Moshi. Nilikuwa karani wa mahesabu kwenye chama cha ushirika kwa miaka mingi, sasa nina kuku wangu na ni mweka hazina wa kikoba chetu cha watu ishirini na wawili. Mwenyekiti wetu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Hapo ndipo pagumu.

Novemba 2024 nilinunua hisa 2,000 za kampuni moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Jina naliacha. Bei ilikuwa shilingi 640, yaani 1,280,000, na kamisheni ya dalali pamoja na tozo nyingine vikanila 30,000 hivi. Kwa hiyo kila hisa imenigharimu 655. Mwaka huu ripoti yao ya mwaka ilipotoka, shemeji aliipokea kwenye simu, akaja kikaoni Jumapili akiwa amechangamka. Kila hisa, akasema, imezalisha faida ya shilingi 132. Gawanya 655 kwa 132, unapata tano kasoro kidogo. "Miaka mitano tu pesa imerudi!" Anataka kikoba kitoe milioni nne tununue zaidi. Bei kwa sasa ni 780.

Mimi sikubishana mbele za watu. Kesho yake nikaenda kwenye duka la fotokopi karibu na stendi nikachapisha kurasa tisa tu, zile za mahesabu na maelezo yake, maana kitabu chote ni kinene na nusu yake ni picha za wakurugenzi wakipanda miti.

Usiku huo nilipata jibu la kituko: faida ya shilingi 0.109 kwa hisa. Nikadhani macho yameniisha. Kumbe juu ya safu ya tarakimu kuna maandishi madogo, Sh '000. Pesa zimeandikwa kwa maelfu, ila idadi ya hisa imeandikwa kamili. Faida niliyoisoma kama milioni 12 ni bilioni 12.

Nikarudia hesabu ya shemeji kutafuta ile 132 ilitoka wapi. Alichukua faida yote baada ya kodi, bilioni 13.2, akagawanya kwa hisa milioni 100. Kote kuwili kuna kasoro. Chini ya hiyo bilioni 13.2 kuna mistari miwili inayoigawa: bilioni 12 ni ya wanahisa wa kampuni mama, na bilioni 1.2 ni ya wabia wengine wenye sehemu yao kwenye kampuni tanzu. Hiyo ya pili si yetu, hata kama imo kwenye kitabu chetu.

Na hisa si milioni 100 tena. Zilikuwa hizo mwezi Januari, lakini tarehe 1 Oktoba kampuni iliuza hisa mpya milioni 40 kwa bei ya soko, mwaka ukafungwa Desemba zikiwa milioni 140. Wenyewe kwenye maelezo wametumia wastani unaofuata muda: milioni 100 kwa miezi tisa, milioni 140 kwa miezi mitatu. Yaani 75 kujumlisha 35, jumla milioni 110. Ni haki, kwa sababu pesa za hisa mpya zilifanya kazi miezi mitatu tu, huwezi kuzihesabu kana kwamba zilikuwepo tangu Januari. Bilioni 12 kwa milioni 110 ni shilingi 109, na ndiyo iliyoandikwa mwishoni mwa ukurasa wa faida, mstari wa EPS, yaani faida kwa hisa. Angeshuka mistari michache tu angeiona.

Kwa gharama yangu ya 655, uwiano ni sita. Basi si mbaya, nikajiambia, tofauti ya tano na sita si ya kuvunja undugu.

Halafu nikafika kwenye maelezo ya mapato mengineyo. Mwaka huo kampuni mama iliuza kiwanja chenye ghala la zamani, ikapata faida ya bilioni 3. Ukitoa kodi ya kampuni ya asilimia 30, zinabaki bilioni 2.1, zimo ndani ya ile 12. Mhariri, mimi mwaka juzi niliuza mgomba wote wa kando ya mfereji nikapata hela nzuri, lakini nikiulizwa kipato changu cha mwaka siuweki mgomba, maana haupo tena. Nikaitoa. Biashara yenyewe imeleta bilioni 9.9.

Na mwaka unaofuata faida itagawanywa kwa hisa zote milioni 140, sio 110. Bilioni 9.9 kwa 140 ni kama shilingi 71. Na kikoba hakitanunua kwa 655 yangu ya Novemba. Kitanunua kwa 780. Gharama yangu inanihusu mimi ninapotaka kujua nimefaidika au nimekula hasara, lakini anayenunua leo anapimwa kwa bei ya leo. Gawanya 780 kwa 71: kumi na moja. Hapo sijaweka kamisheni.

Kuhusu pesa kurudi kwa miaka mitano, hilo nalo linanisumbua. Faida kwa hisa si pesa inayoingia mfukoni, nyingi inabaki kwenye kampuni. Gawio lililotangazwa ni shilingi 35 kwa hisa, ukikata kodi ya zuio ya asilimia 5 zinabaki 33.25. Ukitegemea gawio peke yake, likibaki hivyo, 780 itarudi baada ya miaka ishirini na tatu na ushee. Wanachama wetu wawili wana zaidi ya miaka sabini.

Sasa mashaka yangu. Kwanza, nahofia nami nimepitiliza upande wa pili. Zile pesa za hisa milioni 40 ziliingia Oktoba, zimenunua mashine ambazo hazijafanya kazi mwaka mzima. Nikigawanya faida ya mwaka uliopita kwa hisa zote 140, ni kama nimeweka watu wote mezani nikahesabu chakula cha kabla hawajafika. Nikitumia 110 bila kiwanja napata shilingi 90, na 780 kwa 90 ni karibu tisa. Je, kwa uamuzi wa kununua, nishike tisa au kumi na moja? Au nisubiri taarifa ya nusu mwaka, nione mashine zinaleta nini?

Pili ni shemeji. Ndiye aliyesimama nami wakati wa msiba, na watoto wangu wanamwita baba mdogo. Nikisimama kikaoni na karatasi zangu tisa ataonekana hajui kusoma hesabu mbele ya watu anaowaongoza. Nikinyamaza, milioni nne si zangu, na sahihi kwenye fomu ya benki ni yangu. Nimefikiria kumpelekea karatasi nyumbani kabla ya Jumapili, nikamwonyesha ule mstari wa EPS tu ili mengine ayafukue mwenyewe. Au mwanamume kama yeye ataona ni dharau zaidi?

Mweka hazina, Pasua, Moshi