Kopo moja nalo lina hesabu yake

Mhariri,

Juzi shoga yangu, asiyevuta sigara wala kulewa, aliniambia: "Mimi ni kopo moja tu la bia kila jioni. Saratani ni ya walevi." Nikalichukua kopo lile nikasoma pembeni: mililita 500, asilimia 5. Hizo ni mililita 25 za alkoholi tupu, yaani kama gramu 20.

Kwa kila gramu 10 anazokunywa mwanamke kwa siku, hatari ya saratani ya matiti hupanda kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kopo la shoga yangu ni mara mbili ya hapo. Simaanishi kwamba ataugua. Nyongeza hiyo hupandishwa juu ya hatari ambayo tayari anayo. Ila inaanza mapema, hata kwa kiasi kidogo, na divai nayo haina msamaha.

Mwili huigeuza alkoholi kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli. Kwenye matiti, pombe pia hupandisha homoni ya estrojeni. Kooni sumu hiyo hugusa ngozi laini moja kwa moja, na kwa mvutaji sigara madhara ya viwili hivyo huzidishana. Ini ndilo huchelewa: mara nyingi saratani yake hufuata miaka ya unywaji mwingi, likishajaa makovu.

Pombe imetambuliwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani tangu 1988. Kopo lile lilikuwa na onyo kuhusu kuendesha gari. Kuhusu saratani, hakuna hata neno moja.

Msomaji wenu