Sapulaya hewa na cha juu: anza na namba za ankara

Wafanyakazi hewa tumezoea kuwasikia. Sapulaya hewa hasikiki sana, maana karatasi zake mara nyingi zimenyooka kuliko za sapulaya wa kweli.

Mteja wetu mmoja, mwenye malori Dar es Salaam, alituita tumfungie hesabu za mwaka. Kwake, malipo yasiyofika shilingi milioni 1 yalipitishwa na mhasibu peke yake. Kwenye faili la vipuri tukakuta ankara nne za duka moja: Machi 960,000, Aprili 985,000, Mei 940,000, Juni 975,000. Zote zimekaa chini kidogo ya milioni. Ila kilichotushtua ni namba zake: 0114, 0115, 0116, 0117. Duka la vipuri lenye mteja mmoja tu kwa miezi minne linalipaje pango?

Tukaomba risiti za EFD, hakuna hata moja. Namba ya simu iliyolipwa tukaikuta kwenye faili la mhasibu mwenyewe, pale anapojaza ndugu wa kupigiwa akipata dharura.

Hili unaweza kulipima leo. Kwenye Excel, weka namba za malipo za masapulaya safu B, kuanzia B2. Karatasi ya pili uipe jina Wafanyakazi, na safu C yake uweke namba za wafanyakazi pamoja na za ndugu zao. Zote zianze na 255, la sivyo hazitaoana. Kisha rudi karatasi ya kwanza, andika hii kwenye C2 na uiburute hadi chini:

```
=COUNTIF(Wafanyakazi!C:C,B2)
```

Jibu likizidi 0, mchunguze huyo sapulaya kwanza. Si lazima awe mwizi. Kuna mafundi ambao kaka zao wanaiuzia kampuni kihalali, mradi bosi anajua.

Baada ya hapo tulibadilisha kazi mbili tu. Anayemwandikisha sapulaya mpya si yule anayelipa. Na hakuna malipo mpaka oda, hati ya stoo ya kupokea mzigo na ankara zifanane kwa idadi na bei.

Cha juu ni kigumu zaidi, kwa sababu mzigo umekuja kweli na karatasi zote tatu zinafanana. Bei ilishapandishwa tangu kwenye oda, na tofauti anayenunua na sapulaya wanagawana nje. Hapo tunapanga bei ya kipande kimoja kwa miezi, kisha mtu asiyehusika na manunuzi anapiga simu maduka mawili mengine kuuliza kama mteja wa kawaida.

Na mtunza stoo akiwa naye yumo, karatasi hazisemi kitu. Ndiyo maana kila oda ya tairi sasa inaandikwa namba ya lori, na mwenye mali anashuka yadi kuangalia kama tairi hiyo imefungwa.

Tukija kwako tunaomba orodha ya masapulaya, malipo ya miezi 12 na mafaili ya wafanyakazi. Siku ya kuja tutakuambia wewe peke yako.