KUH: MALALAMIKO KUHUSU KANZU YA BABU, KIKAO CHA MAPITIO, NA MALIPO YANGU YALIYOZUIWA

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Bwana Mkurugenzi,

Salamu. Nakuandikia kwa heshima, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe kabla hujamkabidhi msimamizi wa idara ya wahusika, kwa kuwa malalamiko yangu yanamhusu yeye. Mkataba mnao, masharti ya mapitio mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia.

Jumatano iliyopita, mbele ya mteja wenu na wanafunzi watano wa mafunzo ya kazi, msimamizi wako alifungua faili kwenye skrini kubwa ya ukutani, na Babu, mhusika wenu wa kompyuta niliyemtengenezea vazi, akatokea nusu uchi. Kanzu niliyomshonea kwa wiki tatu ilikuwa imejikusanya shingoni mwake kama skafu. Mikono ilikuwa imebana kwenye viganja, pindo limejifunga kwenye vifundo vya miguu, na katikati hapakuwa na mwili wala vazi, ila vipande vyembamba vya kitambaa vilivyovutika kama utomvu. Msimamizi akanigeukia akasema, "Fundi cherehani wa kibarazani angetupa kazi bora kuliko hii." Watu wakacheka. Nikamwomba afungue faili niliyowatumia mimi. Akasema hakuna muda, akaifunga, akamwita mtu mwingine.

Faili ile haikuwa yangu, Bwana Mkurugenzi. Ilikuwa na jina langu, lakini kilichomo ndani kilikuwa kimebadilishwa hapo ofisini kwenu. Siku iliyofuata nilipewa nakala yake na mmoja wa vijana wenu aliyenionea huruma, nikaifungua kwenye Blender pamoja na yangu, nikaandika mistari hii miwili katika kila moja:

```python
s = bpy.data.objects["Kanzu"].modifiers["Shrinkwrap"]
print(s.target.name, s.wrap_mode, round(s.offset, 4), s.vertex_group)
```

Faili yangu ilijibu hivi:

```
Mwili_Lengo ABOVE_SURFACE 0.003 Mabega
```

Na ile mliyomwonyesha mteja:

```
Mwili ON_SURFACE 0.0
```

Lengo, hali ya kushika, umbali, na kundi la nukta ambalo kwenu ni tupu: hakuna hata kimoja kati ya vinne kinacholingana. Mtu alifuta `Shrinkwrap` yangu, ile modifaya inayoikalisha kanzu mwilini, akaweka mpya, akaiacha na mipangilio ileile inayokuja nayo.

Chanzo cha aibu ile ni hicho cha kwanza, yaani lengo. Babu ana ngozi ambayo haionekani kamwe chini ya kanzu: kifua, mgongo, mapaja. Ngozi hiyo niliificha kwa modifaya ya `Mask` kwenye mwili wake, maana ngozi isiyokuwepo haiwezi kuchomoza kwenye kitambaa. Mnaijua njia hiyo, na mnaitumia kwa wahusika wenu wote. Ila `Shrinkwrap` huutazama mwili baada ya modifaya zake kufanya kazi. Ukielekeza kanzu kwenye mwili uliofichwa kifua, yenyewe inaona kichwa, shingo, viganja na nyayo peke yake. Kila nukta ya kitambaa inatafuta ngozi iliyo karibu nayo, ya kifuani inakimbilia shingoni, ya pindo inakimbilia vifundoni. Ndiyo maana niliwaachia nakala ya pili ya mwili, `Mwili_Lengo`, isiyo na `Mask`, yenye mifupa ileile na uzito uleule, nikaificha isionekane kwenye skrini wala kwenye picha za mwisho. Kazi yake ilikuwa kushikiwa kanzu tu. Nililieleza hilo katika maelezo yaliyoambatana na faili, aya ya kwanza kabisa. Mtu wenu akaiona, akadhani ni takataka, akaifuta "kusafisha faili".

Kama msimamizi angebofya mara moja tu kuzima `Mask` pale kikaoni, kanzu ingerukia mwilini papo hapo mbele ya macho ya mteja. Isingekaa vizuri, kwa sababu ya yale mengine matatu waliyoyavuruga, lakini kila mtu chumbani angejua kosa liko wapi. Sekunde mbili. Alisema hakuna muda.

Sasa nirudi nyuma kwenye mapitio ya kwanza, maana hapo ndipo dharau ilipoanzia.

Ninyi ndio mliotaka mkono wa kanzu uwe na pande nane tu kwa mzunguko, ili faili iwe nyepesi. Niliwaandikia kwamba hautatosha. Sikujibiwa. Mapitio yalipofika, mkaniandikia kwa herufi kubwa kwamba ngozi ya mkono inachomoza, na mkanielekeza nipandishe `Offset`, yaani umbali wa kitambaa kutoka kwenye ngozi, hadi 0.02. Sentimita mbili! Nilijaribu ili nisionekane mkaidi, na Babu akaonekana amevaa boya la kuogelea chini ya kitambaa.

`Shrinkwrap` husogeza nukta peke yake. Bapa lililo kati ya nukta na nukta halijui kama kuna mwili chini yake. Linakatisha moja kwa moja. Mkono wa Babu karibu na bega una nusu kipenyo cha sentimita 6. Nukta za kitambaa zimewekwa milimita 3 nje ya ngozi, yaani sentimita 6.3 kutoka katikati ya mkono. Mzunguko ukiwa na pande nane, katikati ya kila bapa inarudi ndani hadi sentimita 5.82, na hapo ngozi imeshatoka nje kwa karibu milimita 2. Ukigawa mzunguko kuwa pande 16, katikati ya bapa inakuwa sentimita 6.18, na kitambaa kinabaki nje ya ngozi kwa karibu milimita 2, kwa `Offset` ileile ya 0.003. Hata kwa macho unaitambua dalili: ngozi ikichomoza katikati ya mabapa huku kwenye nukta kitambaa kiko salama, pande ni chache. Niliweka pande 16, ngozi ikaacha kuchomoza, na hakuna aliyeniambia hata asante.

Sijui ni nani aliyerudisha `On Surface`. Kwa hali hiyo umbali hupimwa kwenye mstari unaotoka pale nukta ilipoanzia. Nukta iliyoanzia nje ya mwili inabaki nje, na iliyoanzia ndani inaachwa upande wa ndani, hata ukipandisha `Offset` vipi. `Above Surface` huisukuma kila nukta nje kufuata uelekeo wa ngozi yenyewe, popote ilipoanzia. Na kwa kuwa mliacha `Offset` ikiwa sifuri, kitambaa na ngozi vingelala mahali pamoja na kutoa mabaka hata kama lengo lingekuwa sahihi.

Kuhusu kundi la `Mabega`: kanzu hukaa juu ya mwili mabegani na juu ya kifua, na kuanzia hapo huning'inia. Nililipa kundi hilo uzito kamili mabegani, nikaupunguza polepole hadi sifuri usawa wa mbavu, na makwapani nikaupunguza zaidi, kwa sababu pale nukta moja iko karibu na mkono na karibu na ubavu kwa wakati mmoja, na mkono ukisogea kidogo inaruka kutoka huku kwenda kule. Mafundi wa kanzu hushona kipande cha kikwapa mahali hapohapo ili mkono uinuke bila kuvuta vazi. Mimi niliongeza safu mbili za nukta hapo kwa sababu hiyohiyo. Bila kundi lile, sehemu ya chini ya kanzu inavutwa katikati ya miguu na mzee wa watu anaonekana amevaa suruali ya kubana. Mlilifuta pia.

Babu yangu mzaa mama alikuwa akivaa kanzu kila Ijumaa hadi alipofariki. Nilipoichora ile ya Babu wenu, darizi ya shingoni niliinakili kwenye picha yake. Naandika hili ili ujue kilichochekwa ni nini.

Kilichochekwa ni hiki. Nilikuwa nimesimama, si kukaa, kwa sababu viti vilikuwa vimechukuliwa na wanafunzi. Skrini ikawaka. Babu yuko pale, kitambaa kimejinyonga shingoni, hana kifua. Mteja akauliza taratibu, "Hii ndiyo ya mwisho?" Msimamizi akajibu kabla yangu, "Ndiyo aliyotuletea." Hapo ndipo aliponitajia fundi wa kibarazani, na kicheko kikafuata. Niliomba mara ya kwanza ifunguliwe faili yangu. Niliomba mara ya pili, na kompyuta yangu ilikuwa mkononi, imewaka, kanzu iko wazi imekaa sawa mabegani. Hakuitazama. Alinyoosha kiganja kunizuia kama unavyomzuia mtoto anayeingilia maongezi ya wakubwa, akasema hakuna muda. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi zenu karibu nusu saa kwa sababu miguu ilikataa kushuka.

Jioni hiyohiyo nikapata ujumbe kwamba awamu ya pili ya malipo, shilingi 48,000, imezuiwa kwa "ubora duni".

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba malipo hayo tu. Nimesoma upya nilichoandika na naona hayatoshi. Nataka shilingi 48,000 zilipwe ndani ya siku saba. Nataka mteja na wote waliokuwepo kikaoni waandikiwe kwamba faili waliyoonyeshwa ilibadilishwa ofisini kwenu baada ya mimi kuikabidhi, na waambatishiwe majibu ya zile faili mbili kama nilivyoyaandika hapo juu. Nataka faili yangu ifunguliwe mbele ya mteja huyohuyo, kwenye skrini hiyohiyo, mimi nikiwepo, Babu ainue mikono yote miwili juu ya kichwa, na msimamizi aonyeshe ni wapi ngozi inachomoza. Na kwa ile saa niliyotumia kujaribu sentimita zenu mbili, nataka nilipwe pia.

Siku saba zikipita bila jibu, nitafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo. Mnajua kwamba kiasi hiki kiko mbali chini ya kikomo chake cha shilingi milioni moja, na kwamba siwajibiki kuwa na wakili. Nakala za faili zote mbili, pamoja na tarehe za kubadilishwa kwake, nimeshazihifadhi mahali pawili. Na hadi nilipwe, kanzu ile isitumike katika kipindi chochote, si kwa Babu wala kwa mhusika mwingine mtakayembadilishia kichwa.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi.

Wako,
Mbunifu wa mavazi ya wahusika,
Mombasa