Kila posti ijitegemee: tunavyokata uzi mrefu

Mteja wetu mmoja, muuza dawa za mifugo, alituletea maelezo ya kurasa mbili kuhusu chanjo ya kideri ya kuchanganya kwenye maji. Alitaka posti fupi za X, zenye namba. Alishajaribu kuyakata mwenyewe kila baada ya aya, na posti ya tatu ikatoka hivi:

"3/6 Kwa hiyo usiyachukue ya bomba, maana itaiua, na ukishaiweka hakikisha wanaimaliza ndani ya muda huo."

Ukianza na ya kwanza, unaelewa. Lakini mtu akimtumia mwenzake hiyo ya tatu peke yake, huyo mwenzake ataelewa nini? Nini itaua nini? Kiswahili kina mtego wake hapa: jina la kitu hujificha ndani ya kitenzi. "Ukishaiweka" ni neno moja tu, na ile "i" katikati inategemea jina lililobaki posti mbili nyuma. Ndiyo maana kazi yetu ya kwanza ni kalamu nyekundu. Tunazungushia kila "hiyo", "yale", "kwa hiyo", "huo", na kila kiambishi kisicho na mwenyewe ndani ya posti ileile, kisha tunarudisha majina:

"3/6 Maji ya chanjo ya kideri yasiwe ya bomba yenye klorini. Klorini huua virusi hai vilivyomo ndani ya chanjo, na vifaranga watakunywa maji matupu. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua."

Hapo hata herufi 200 hazijafika, na kikomo cha X kwa akaunti ya kawaida ni 280. Suala la muda wa kunywa tulilihamishia posti yake. Neno "chanjo ya kideri" linajirudia katika posti zote sita. Ukizisoma mfululizo linachosha kidogo, na tumekubali hivyo.

Kuna sehemu tunakataa kukata. Mteja alikuwa na posti isemayo "Wanyime vifaranga maji", na sababu yake ikawa kwenye inayofuata. Ikisambaa peke yake, hiyo inaua kuku. Tuliziunganisha: ondoa vyombo vya maji saa moja hadi mbili kabla ya chanjo, siku ya joto kali isizidi saa moja. Onyo halitengwi na agizo lake, hata posti ikijaa.

Namba tunaziweka mwisho kabisa, kwa sababu ukiongeza kipande kimoja, kila "/6" inageuka "/7". Kabla ya hapo tunazichanganya posti kama karata na kumpa mtu asiyefuga posti moja tu. Akiuliza "hii ni ya nini?", inarudi mezani.

Tunatoza kwa andiko zima. Tungetoza kwa kipande, mkono wetu ungekuwa mwepesi mno kukata.