Zuhura, hiyo kozi usiilipie kwanza

Mwanangu Zuhura,

Mamako kanionyesha hiyo kozi ya nadharia ya udereva ya kwenye simu unayotaka kulipia kabla hujaenda Dar. Usilipe kwanza. Jana nimekaa barazani nikaiangalia video yao ya bure mpaka mwisho, bando langu lote limekwenda, na jamaa anaongea vizuri kwa kweli, michoro ya rangi, ila usukani wake uko kushoto! Nikarudisha nyuma nione kama ni macho yangu. Anasema ukifika kipilefti tazama kushoto, wapishe waliomo ndani. Kwao sawa, wanaendesha kulia, gari zinazunguka kinyume na mshale wa saa, zinakujia kutokea kushoto. Huku kwetu tunashika kushoto, jina lenyewe kipilefti linakwambia, wanazunguka kama mshale wa saa na aliyemo ndani anakutokea kulia. Sasa wewe ukishika ya yule bwana utatazama kushoto, kweupe, unaingia, na daladala inakujia upande wa kulia ambao ndo umekaa wewe. Na hesabu, gari ya spidi 50 inatembea kama mita 14 kwa sekunde moja, utakuwa bado unashangaa.

Wala sisemi za hapa mjini zote nzuri. Kakako alisoma ile ya siku tano, wakawapa karatasi ya maswali na majibu, moja a, mbili c, akakariri yote, we unamjua kichwa chake. Kwenye mtihani trafiki akachora chini kwa kijiti pembetatu iliyopinduliwa, haina rangi wala namba, akamuuliza hii nini. Kimya. Mtoto wa watu nilimsema wiki nzima, na aliyechagua shule kwa kuangalia bei alikuwa mtu mwingine kabisa, tuyaache.

Ukipata shule, omba ukae kipindi kimoja kabla hujatoa hela, akikataa ondoka. Halafu muulize mwalimu hivi, kwa nini alama ya kupisha imepinduliwa kichwa chini? Anayejua atakwambia ni ili uitambue kwa umbo tu, hata ikiwa na tope, hata ukiiona kwa nyuma, ndo maana na ile ya kusimama ina pembe nane peke yake. Akikujibu "we kariri tu, ndo inavyotoka kwenye mtihani", huyo anauza majibu. Na anayekwambia trafiki tunamalizana nae wewe lete hela, au anayekupandisha barabarani huna leseni ya kujifunzia, huyo hata chai yake usinywe.

Najua utasema baba anaogopa simu. Sawa. Ila we ndo ulinifundisha kutuma hela, najua unavyobonyeza haraka, kwahiyo nakwambia tena usilipe kwanza mpaka tuongee.

Shangazi yako wa Muheza kaleta machungwa gunia zima, yanaanza kulainika. Na ufunguo wa kabati la vyombo mamako anasema umeondoka nao, tunakula kwenye sahani za plastiki.

Babako