Saa inakukata ukiwa namba 31? Tuongelee sekunde kwenye pepa ya sarufi

Malalamiko tunayoyapata sana hapa kwenye twisheni yetu ni haya: "mwalimu sarufi naijua, ila muda unaniishia." Juzi kaja mmoja anajiandaa na mtihani wa Kiingereza wa TOEFL ITP, sehemu ya pili, ile ya maswali 40 kwa dakika 25, kila akijipima anaishia namba 31 na tisa zinabaki hazijaguswa. Yeye alishajiamulia kwamba ni mzito wa kusoma, akataka tumfundishe kusoma fasta.

Sisi kabla ya kufundisha chochote huwa tunakaa na simu pembeni, saa inakimbia, kila mtu anapoweka jibu tunabonyeza Lap. Ukimaliza unaona kila swali limekula sekunde ngapi. Huyu jamaa maswali 27 kati ya yale 31 aliyafanya kwa wastani wa sekunde 36, yaani yuko sawa kabisa. Tatizo lilikuwa maswali manne, kila moja limekaa naye kama sekunde 130, na mawili kati ya hayo bado akakosa. Sasa piga hesabu: angeyaacha yale manne kwenye sekunde 50, angeokoa 320, na zile tisa za mwisho kwa mwendo wake wa 36 zinahitaji 324. Yaani sehemu nzima ya mwisho ya pepa ililiwa na maswali manne tu, halafu mtu anajiita mzito.

Kwa hiyo ile hesabu ambayo wengi wanaifanya, dakika 25 gawa kwa 40, unapata sekunde 37 na nusu, si mbaya ila haikusaidii sana ukiwa ndani ya chumba, kwa sababu maswali hayafanani. Kwenye hiyo pepa 15 za kwanza ni za kujaza nafasi na 25 zinazofuata ni za kutafuta kosa kwenye sehemu nne zilizopigiwa mstari. Sisi tunagawa hivi: dakika 3 za mwisho zitoe kabisa, hizo ni za kurudi ulikoruka. Zinabaki 22. Kujaza nafasi wape dakika 7, ni kama sekunde 28 kila moja, na kutafuta kosa wape dakika 15, sekunde 36 kila moja. Huna haja ya kuangalia saa kila swali, utachanganyikiwa. Angalia mara nne tu: ukimaliza namba 15 iwe dakika ya 7, namba 25 dakika ya 13, namba 35 dakika ya 19, namba 40 dakika ya 22. Ukichelewa kwa dakika nzima pale namba 25 usianze kukimbiza macho, wewe ruka mawili matatu magumu yanayofuata utarudi kwenye mstari.

Kwa nini kujaza nafasi kuna sekunde chache? Nitatoa mifano kwa Kiswahili maana mtego ni uleule. Angalia hii: "Wageni ____ tuliwaalika jana hawajafika", machaguo ni ambaye, ambao, ambayo, ambazo. Wageni ni wengi, ni watu, umemaliza, sekunde kumi haziishi. Hizo 18 zilizobaki hujazila, unazipeleka kwa swali la mbele lenye sentensi ndefu.

Ila kutafuta kosa ni habari nyingine. Soma hii: "Orodha ya majina ya wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kozi hiyo yamebandikwa mlangoni." Zilizopigiwa mstari ni majina ya, waliochaguliwa, kujiunga na, yamebandikwa. Ukiisoma mara ya kwanza kwa sikio inateleza vizuri tu, kwa sababu "majina" bado yako kichwani. Hapo ndipo watu wanapoanza kusoma mara ya tatu, ya nne, ya tano, wanategemea kosa lijitokeze lenyewe, halitokei ng'o. Kinachotakiwa ni kusoma mara mbili tu. Ya kwanza nzima, sekunde nane mpaka kumi, sikio likikamata kitu chagua usonge. Ya pili unakwenda kipande kwa kipande, kila kimoja unakiuliza swali moja, sekunde tano tano: waliochaguliwa ni nani, wanafunzi, sawa. Kimebandikwa nini? Orodha. Basi ni imebandikwa, jibu ni la nne. Jumla kama sekunde 30 na kidogo.

Usomaji wa tatu haupo. Hiyo ndiyo namna ya kuhesabu sekunde bila saa, mizunguko miwili imeisha huna jibu, unaondoka.

Na kuondoka kuna utaratibu wake, usiache tupu. Weka jibu la kubahatisha palepale (hiyo pepa haikati alama kwa jibu la kukosa, kama yako inakata soma maelekezo kwanza), chagua kile kipande ambacho umeshindwa kukitetea. Halafu weka alama. Tunatumia alama mbili: kistari kimoja kama umebakiwa na machaguo mawili, vistari viwili kama huna hata pa kuanzia. Mwisho ukipata zile dakika 3 zinatosha maswali matano au sita tu, kwa hiyo unarudi kwenye kistari kimoja kwanza, vile viwili mara nyingi unaviacha na bahati yake. Na ukirudi usibadilishe jibu kwa sababu tu limeanza kukutia wasiwasi, badilisha kama unaweza kusema kosa ni lipi.

Alama inawekwa wapi inategemea. Kama unaruhusiwa kuandika kwenye kijitabu cha maswali weka humo, ndiyo salama zaidi. Kama huruhusiwa, kistari chepesi cha penseli pembeni ya namba kwenye karatasi ya majibu, mbali na viduara, na lazima ukifute kabla muda haujaisha, mashine inaweza kukisoma kama jibu. Kwenye kompyuta kawaida kuna kitufe kimeandikwa Flag au Mark for Review, hapo huna alama mbili, basi wekea zile za kistari kimoja tu.

Sababu nyingine ya kutoacha mstari tupu ni ile balaa ya majibu kuhama. Umeruka 18, jibu la 19 likaingia kwenye 18, na yote yanayofuata yakasogea, unagundua namba 40 ukiwa umebakiwa na mstari mmoja. Ndiyo maana kila namba inayogawanyika kwa tano tunawazoesha kulinganisha namba ya swali na ya karatasi, sekunde moja tu. Ikishatokea usifute yote kwa hasira, kosa limeanzia kwenye moja ya ulizoruka, anza kukagua kwenye ya mwisho ukirudi nyuma, ukipata palipohama sahihisha kuanzia hapo.

Ukitaka kipimo cha Lap tunakifanya kikao cha kwanza, njoo na pepa ambayo hujawahi kuiona, ile uliyoshaifanya itatudanganya sekunde.